Kuthibitisha kikao siku moja kabla: simu, SMS, WhatsApp au mwaliko wa kalenda?

Tuchukue kikao ambacho wengi wetu tunakijua: kamati ya harusi, Dar es Salaam, Jumamosi tarehe 7 Novemba, saa 10 jioni. Wajumbe 14. Kumi na mmoja wanakuja ukumbini Sinza Mori, na watatu wataingia kwa linki: shangazi wa bwana harusi yuko Maskati, kaka yake yuko Toronto, na mjumbe wa usafiri yuko safarini Dodoma. Mweka hazina ni mzee wa simu ya kitochi. Leo ni Ijumaa, na katibu anataka kila mtu ajue saa, mahali, linki na kitu cha kubeba, na zaidi ya hapo anataka ajue nani anakuja kweli.

Hilo la mwisho ndilo linalotofautisha njia hizi nne. Kupeleka habari zote zinaweza. Kukurudishia jibu la kueleweka ni kazi nyingine, na njia inayopendwa kuliko zote, yaani tangazo la grupu, ndiyo dhaifu zaidi hapo.

SMS ya kawaida

Nguvu ya SMS ni kwamba haiulizi bando wala aina ya simu. Mweka hazina ataipata, mama wa mapambo aliyeishiwa data ataipata, na mjumbe wa usafiri akiwa njiani ataipata akifika penye mtandao. Lakini ina ukuta: ujumbe mmoja ni herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukizidi, unakatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinahesabiwa kama SMS nzima kwenye kifurushi chako. Ndani ya ukuta huo taarifa ya kikao inaingia, ukiiandika kwa adabu ya uchache:

```
Kikao cha harusi: Jumamosi 7 Nov, saa 10 jioni (16:00), ukumbi mdogo ghorofa ya 1, Sinza Mori. Uje na stakabadhi za michango. Jibu NDIYO au HAPANA. Katibu
```

Hapo ni herufi 154. Kuna siku, kuna tarehe, kuna saa kwa namna mbili, mahali, kitu cha kubeba na jibu linalotakiwa. Neno "kesho" halimo, na halimo kwa makusudi. Ujumbe ukichelewa kufika, au mtu akiuona asubuhi ya Jumamosi, "kesho" inampeleka Jumapili. Saa nayo imeandikwa mara mbili kwa sababu tarakimu 10 ikikaa peke yake, kijana aliyezoea saa ya kwenye simu anaisoma saa 4 asubuhi. Ukiandika "saa 10 jioni (16:00)" huna haja ya kujua nani anasoma kwa mtindo gani.

Shikamoo, kwa bahati mbaya, haiingii. Ukimwandikia mzee na kuanza na "Shikamoo. " unafika herufi 164. Ama utoe neno "Katibu" mwishoni, ubaki na 157 na mzee asijue ni namba ya nani, ama ukubali vipande viwili. Kwa mzee mimi nakubali viwili.

Kuna mtego mwingine ambao Kiswahili kinauingia kirahisi. Ile hesabu ya 160 inahusu herufi za kawaida za simu. Ukiweka emoji ya pete, ukomo unashuka hadi 70 kwa ujumbe mmoja, na ukiuzidi vipande vinakuwa vya herufi 67. Emoji unaiona kwa macho, lakini kuna kialama kinachofanya vilevile bila kuonekana: ile alama ya juu iliyopinda katika "ng’ombe", ambayo iPhone na programu za kuandikia nyaraka huiweka zenyewe badala ya ile iliyonyooka, "ng'ombe". Mjumbe wa chakula ukimwambia aje na bei ya ng’ombe, na alama ikawa imepinda, ujumbe wenye urefu kama huo wetu unaondoka vipande vitatu. Kwa mtu mmoja si kitu. Kwa anayetuma kwa watu mia kupitia huduma ya SMS za jumla, ni bili mara tatu. Simu nyingi huonyesha hesabu karibu na kitufe cha kutuma, kwa hiyo ukiona namba inarukia vipande viwili au vitatu wakati ujumbe ni mfupi, tafuta alama iliyopinda.

Linki kwenye SMS naiona haina faida kubwa. Mwenye kitochi hawezi kuifungua, na mwenye simu janja utamtumia kwa njia nyingine. Ikibidi, iweke mstari wake peke yake na usiweke nukta mwishoni, maana baadhi ya simu huichukua nukta kama sehemu ya anwani, linki ikakataa.

WhatsApp, na tofauti ya grupu na inbox

Hapa ndipo wengi wanaanzia na ndipo wengi wanaishia. Inabeba kila kitu: maelezo marefu, linki inayofunguka kwa kugusa, lokesheni, picha ya geti la ukumbi. Tatizo ni kinachofuata. Katibu anatuma tangazo saa 4 asubuhi, na ndani ya saa moja kuna "Amina", "Pamoja sana", "Mungu mbele", stika mbili, na mtu mmoja kaleta video isiyohusika. Anayefungua simu saa 8 mchana anaiona video, tangazo halioni. Na katika hayo majibu yote, hakuna hata moja linalosema mtu anakuja.

Tiki za buluu nazo zinapewa heshima kuliko zinavyostahili. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwako, haujafika kwenye simu yake. Mbili za kijivu, umefika. Buluu, umefunguliwa. Kwenye grupu ukishikilia ujumbe wako na kufungua maelezo yake, unaona orodha ya waliousoma na ambao umewafikia tu, na orodha hiyo inaonyesha hata wale waliozima tiki za buluu, kwa kuwa mpangilio ule unafanya kazi kwenye mazungumzo ya watu wawili tu. Orodha hiyo ni ya thamani kwa jambo moja: inakuambia umpigie nani. Haikuambii nani anakuja. Mtu aliyesoma akanyamaza, kwangu mimi ni sawa na ambaye hajasoma.

Kinachofanya kazi ni kuligawa. Grupu lipate tangazo moja la pamoja, likibandikwa juu (unaweza kulibandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30, hapa saa 24 zinatosha tangazo likitumwa Ijumaa jioni, likitumwa asubuhi chagua siku 7). Halafu wenye kitu cha kubeba waandikiwe mmoja mmoja inbox. Sentensi kama "kila mjumbe aje na taarifa ya kitengo chake" inaleta watu 11 mikono mitupu, kwa sababu kila mmoja anadhani taarifa ni maneno. Linganisha na hizi:

```
Dada, kesho kutwa usichelewe kama kawaida yako 😄 Njoo na taarifa ya chakula.
```

```
Dada, kikao ni Jumamosi 7 Nov, saa 10 jioni (16:00), Sinza Mori. Tunakuomba uje na bei za wapishi wawili kwa sahani moja, kwenye karatasi yenye muhuri, na useme kama vinywaji vimo. Utafika? Nijibu kabla ya saa 10 jioni leo.
```

Wa kwanza una utani mzuri na siku isiyoeleweka. Wa pili unamwambia wapishi wangapi, bei ya nini, kwenye karatasi gani, na swali ambalo kikao kitaliuliza. Akikosa karatasi ya mpishi wa pili atakuambia leo, wakati bado kuna muda wa kumtafuta.

Grupu pia lina kipengele cha tukio, ambapo mtu anagusa kuonyesha kama anahudhuria au la. Ni kizuri kwa vijana. Wajumbe wa umri wa wazazi wetu wanaliona kama picha, hawaligusi.

Mahali pana mtego wa peke yake. Lokesheni ya WhatsApp ina namna tatu na watu huzichanganya. Kuna ile inayokufuata unapotembea, ambayo hukaa dakika 15, saa 1 au saa 8 kisha inakufa. Kuna ya mahali ulipo sasa. Na kuna ya kutafuta jina la mahali na kulituma. Katibu anayethibitisha Ijumaa usiku akiwa nyumbani kwake Tabata, akigusa "mahali nilipo", amewaelekeza wajumbe 11 nyumbani kwake, na hiyo inayotembea itakuwa imezimika kabla hata kikao hakijaanza. Tafuta jina la ukumbi, tuma hilo, kisha lifungue mwenyewe uone pini imeangukia wapi. Chini yake andika njia kama unavyomwelekeza mtu wa daladala: kituo cha kushuka, upande wa barabara, kitu kinachoonekana, ghorofa. Pini haijui kwamba ngazi za kwenda juu ziko nyuma ya jengo.

Kosa likitokea baada ya kutuma, unaweza kuuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu. Zikipita, usisahihishe kwa sentensi ya pembeni kama "samahani, ni ghorofa ya 1". Ule wa kwanza umeshasambazwa kwa watu ambao hawataiona hiyo pembeni. Ufute kwa wote, uandike tangazo zima upya, na mstari wa kwanza useme kuwa hili ndilo sahihi na la asubuhi liachwe.

Mwaliko wa kalenda kwa barua pepe

Kwa wajumbe wa Sinza hauna maana. Kwa kaka wa Toronto ndio bora kuliko yote, na sababu ni saa.

Dar iko mbele ya Toronto kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na saa 8 wakati wa baridi. Toronto hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kamati yetu inakutana kila Jumamosi saa 10 jioni: tarehe 31 Oktoba kaka aliingia saa 3 asubuhi kwake, na tarehe 7 Novemba, kikao kilekile, anatakiwa saa 2 asubuhi. Asipoambiwa ataingia saa nzima baadaye, wakati ahadi za michango zimeshasomwa, na atadhani mtandao ndio uliokuwa mbaya. Maskati haina habari hizo: mwaka mzima iko mbele ya Dar kwa saa 1, kwa hiyo shangazi ni saa 11 jioni, mwezi wowote.

Mwaliko wa kalenda unalibeba hilo wenyewe, mradi uundwe na mtu aliyeko Dar, au aliyechagua saa za Afrika Mashariki wakati wa kuuunda. Kaka akijitolea kuunda yeye na kuandika saa 10 jioni bila kubadili chochote, kalenda itachukua saa za Toronto, na wajumbe wa Dar watauona mwaliko unasema saa 6 usiku wa kuamkia Jumapili. Ukiona saa ya ajabu hivyo kwenye mwaliko, usianze kubishana na simu yako. Muulize aliyeuunda yuko wapi.

Kingine kizuri: ukibadilisha ukumbi, unahariri tukio lilelile na kukubali kuwatumia wageni taarifa, na la zamani halibaki likizurura. Na jibu ni la wazi, ndiyo, hapana au labda, kando ya jina la kila mtu.

Udhaifu wake ni kwamba mwaliko uliotumwa wiki tatu nyuma si uthibitisho wa leo. Mtu alibonyeza ndiyo akiwa na mwezi mtupu. Kwa hiyo hata kaka, Ijumaa, apate mstari mmoja WhatsApp: "Kaka, kesho Jumamosi 7 Nov ni saa 2:00 asubuhi kwenu (08:00), si saa 3 kama wiki iliyopita. Linki ni ileile ya kwenye kalenda." Hapo "kesho" naikubali kwa kuwa ina siku na tarehe nyuma yake.

Linki yenyewe ichaguliwe kwa kuangalia nani yuko wapi. Omani kwa muda mrefu simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa ingawa ujumbe unapita, kwa hiyo kusema "tutampigia shangazi kwa WhatsApp" ni kupanga asiwepo. Mpeni linki ya Google Meet au Zoom, na mwombe aijaribu Ijumaa. Akaunti ya bure ya Zoom inakata kikao kwenye dakika 40, ya Google Meet kwenye dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Kikao cha harusi cha dakika 40 sijawahi kukisikia. Mwambie kabisa kwenye ujumbe: "Ikikatika, subiri kidogo uingie tena kwa linki hiyohiyo, isipofunguka nitakutumia nyingine hapa." Na Zoom ina tabia yake: linki nzima inabeba nywila ndani yake, lakini mtu akimsomea mwenzake namba ya kikao peke yake, ataombwa nywila mlangoni na atakwama. Tuma linki nzima, au namba na nywila pamoja.

Kupiga simu

Ni ghali kwa muda, na ndiyo njia pekee inayokuletea kile ambacho mtu hakukusudia kusema. Ukimwuliza mweka hazina kwa SMS kama atakuja na stakabadhi, atajibu NDIYO. Kwa simu utamsikia anasita: "Nitakuja... ila daftari liko kwa kijana wangu Kibaha." Hapo umeokoa kikao. Kwa hiyo piga kwa wale ambao wakikosekana hakuna kikao, si kwa wote. Kwenye kamati yetu ni watatu: mwenyekiti, mweka hazina, na mtu ambaye makatibu wengi humsahau kwa sababu hayumo kwenye grupu, yaani msimamizi wa ukumbi. Yeye ana ufunguo, anajua kama chumba kimepewa watu wengine, kama umeme wa ziada upo, na kama intaneti ya ukumbi inafika ghorofa ya 1. Wale watatu wa kwenye linki wanamtegemea yeye bila kumjua.

Baada ya simu, tuma SMS ileile ya herufi 154. Maneno ya simu hayaandikiki ukutani. Mzee ataifungua kesho saa 8 mchana kuangalia ni Sinza ipi.

Zikiwekwa pamoja zinaonekana hivi:

| Njia | Inafaa kwa | Jibu unalopata | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| SMS | kitochi, asiye na bando | NDIYO au HAPANA | herufi 160, linki |
| WhatsApp grupu | tangazo la pamoja, pini, linki | nani amesoma tu | linazama chini ya "Amina" |
| WhatsApp inbox | mwenye kitu cha kubeba | la wazi, ukiuliza swali | kazi ya kuandika mmoja mmoja |
| Kalenda | walio nje ya nchi | ndiyo, hapana, labda | asiyefungua barua pepe |
| Simu | wasioweza kukosekana | la kweli zaidi | muda, na hakuna maandishi |

Ratiba ya Ijumaa kwa kamati hii ningeipanga hivi. Saa 4 asubuhi, grupu, SMS na inbox zinaondoka, na ukomo wa kujibu ni saa 10 jioni. Saa hiyo ya 4 asubuhi Toronto ni saa 8 usiku, kaka amelala, kwa hiyo ukimya wake usiuhesabu; akiamka saa 2 asubuhi kwake, Dar ni saa 10 jioni tayari, mpe mpaka saa 2 usiku. Kati ya saa 11 na saa 1 jioni, watu wakiwa wametoka kazini, piga kwa wale watatu wasioweza kukosekana na kwa yeyote aliyesoma akanyamaza. Mweka hazina akisema hapana, bado una jioni ya kumtuma mtu Kibaha.

Na kama muda wako unatosha njia moja tu, acha grupu. Andika inbox kwa wenye vitu vya kubeba, mpigie mwenye ufunguo, na wengine watasikia kwa hao.